Barua ya wazi: Andikeni bei ya kilo kwenye rafu

Kwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani na Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuomba kanuni moja fupi. Kila supamaketi inayochapa lebo za rafu kwa kompyuta iandike, kando ya bei ya pakiti, bei ya kilo moja au lita moja ya kile kilichomo ndani. Sabuni ya unga ya gramu 400 ikiuzwa shilingi 2,300, lebo iseme pia kwamba kilo ya sabuni hiyo ni shilingi 5,750. Ni hayo tu. Hakuna anayepangiwa bei, na hakuna anayekatazwa kuuza pakiti ya ukubwa anaoutaka.

Nimefanya kazi kwa miaka mingi upande wa mauzo wa kiwanda cha bidhaa za nyumbani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupanga bei za pakiti ndogo, za kati na kubwa. Ninayoyaeleza hapa si siri ya kiwanda kimoja. Ukimuuliza mpanga bei yeyote, wa sabuni, wa maziwa ya unga au wa dawa ya meno, atakueleza yaleyale, akiwa na muda na akikuamini.

Mteja wa kawaida anaamini kwamba pakiti kubwa ni nafuu. Imani hiyo ina msingi. Sabuni ya unga yenyewe inamgharimu mwenye kiwanda kiasi kilekile kwa gramu, iwe imeingia kwenye kipakiti au kwenye mfuko mkubwa. Kinachobadilika ni gharama ya kufunga: plastiki, uchapaji, muda wa mashine, boksi la kubebea. Gharama hizo hazikui sambamba na uzito. Mfuko wa gramu 900 hauli plastiki mara kumi na nane ya kipakiti cha gramu 50, wala mashine haikai juu yake mara kumi na nane.

Tuchukue mfano wa namba nilizozitunga ili hesabu iwe nyepesi, ingawa umbo lake ni la kweli. Sabuni yenyewe iwe shilingi 3 kwa gramu. Kufunga kipakiti cha gramu 50 iwe shilingi 40, pakiti ya gramu 400 shilingi 110, na mfuko wa gramu 900 shilingi 180. Kipakiti kitatoka kiwandani kwa shilingi 190, pakiti ya kati kwa 1,310, na mfuko mkubwa kwa 2,880. Ukizigeuza zote kuwa kilo, kipakiti kinagharimu shilingi 3,800 kwa kilo, pakiti ya kati 3,275, na mfuko mkubwa 3,200.

Tazameni pengo hilo lilivyokaa. Kutoka ndogo hadi ya kati, kilo inashuka kwa zaidi ya shilingi 500. Kutoka ya kati hadi kubwa inashuka kwa shilingi 75 tu. Karibu unafuu wote wa ukubwa unakuwa umekwisha mtu anapofika kwenye pakiti ya kati. Ndiyo maana mwenye kiwanda anayetaka kumpa mnunuzi wa mfuko mkubwa punguzo la kuonekana analazimika kulitoa kwenye faida yake, na hapo ndipo anapojiuliza: kwa nini nilitoe, wakati mnunuzi mwenyewe ameshaamini kwamba ninalitoa?

Sasa twende dukani. Kipakiti kiuzwe shilingi 300, pakiti ya kati 2,300, mfuko mkubwa 5,300, na juu ya mfuko mkubwa kuna utepe mwekundu ulioandikwa "Okoa zaidi". Kwa kilo, kipakiti ni shilingi 6,000, pakiti ya kati ni 5,750, na mfuko mkubwa ni karibu 5,890. Mfuko wenye utepe ni ghali kuliko pakiti ya kati iliyo kando yake. Zaidi ya hapo, anayenunua pakiti mbili za kati na vipakiti viwili atapata gramu 900 zilezile kwa shilingi 5,200, yaani ataokoa shilingi mia kwa kuukwepa mfuko wa kuokolea. Utepe ule haujaandika uongo unaoweza kumpeleka mtu mahakamani, kwa sababu haukusema unaokoa kuliko nini.

Watu wengi wakisikia habari hizi husema anayeibiwa ni mnunuzi wa kipakiti. Katika mfano huu mambo yako kinyume kidogo. Ukitoa gharama ya kiwandani, kinachobaki cha kugawana kati ya kiwanda, msafirishaji na duka ni shilingi 2,200 kwa kila kilo iliyouzwa kwa vipakiti, 2,475 kwa pakiti za kati, na karibu 2,690 kwa mifuko mikubwa. Faida nono imekaa kwenye mfuko mkubwa. Sababu yake ni kwamba kipakiti kina ushindani mkali: bei yake ni sarafu mbili, ya mia mbili na ya mia, na kila chapa sokoni iko kwenye bei hiyohiyo, hivyo mteja anaziweka mkono mmoja na kupima kwa macho ipi imejaa. Mfuko mkubwa haulinganishwi na kitu. Mnunuzi wake ana gari nje, ana orodha ndefu, na ameshajiambia kwamba kubwa ni nafuu.

Lakini kipakiti nacho kina mchezo wake, na huu ndio ambao lebo ya bei ya kilo ingeuumbua haraka kuliko yote. Bei ya kipakiti imefungwa na sarafu. Malighafi ikipanda, mpanga bei hawezi kuisogeza shilingi 300 iwe 320, kwa sababu chenji ya namna hiyo haipo mfukoni mwa mtu. Kuruka hadi 350 ni kumpa mshindani wateja. Kwa hiyo bei inaachwa palepale na gramu zinapunguzwa. Kipakiti kilichokuwa na gramu 60 kinakuwa na 55, baadaye 50, na mfuko wenyewe unabaki na upana uleule, rangi ileile, na hewa kidogo zaidi ndani. Uzito mpya unaandikwa nyuma, chini, kwa herufi ndogo. Wakala wa Vipimo akija na mizani yake atakuta gramu 50 zimeandikwa na gramu 50 zimo, hakuna kosa. Ila kilo imepanda kutoka shilingi 5,000 hadi 6,000. Hiyo ni asilimia 20, na hakuna tangazo lililotolewa wala mtu aliyelalamika. Kama lebo ya rafu ingekuwa na bei ya kilo, siku gramu zinapopungua namba hiyo ingeruka mbele ya macho ya watu huku shilingi 300 ikiwa imesimama kando yake.

Pakiti ya kati ina kazi ambayo wengi hawaijui. Mara nyingine haiko pale ili inunuliwe. Maji ya lita moja yakiwekwa shilingi 900 na ya lita moja na nusu shilingi 1,000, ya lita moja imewekwa ili ile kubwa ionekane zawadi. Hapa bei ya lita itasema ukweli ambao mteja tayari anauona, kwamba kubwa ni nafuu kwa lita, na haitamwambia jambo la muhimu zaidi, kwamba alikuwa na kiu ya nusu lita. Ninalitaja hili mapema ili msije mkaambiwa kwamba naiuza lebo hii kama dawa ya kila kitu.

Waheshimiwa, jambo ninaloliomba si jipya duniani. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 1998, linalotaka bei ya kuuzia na bei ya kilo, lita au mita ziandikwe zote mbili, huku nchi wanachama zikiruhusiwa kuyasamehe maduka madogo. Australia ilianza Desemba 2009 na kuyabana maduka ya vyakula yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 1,000 pamoja na wauzaji wa mtandaoni. New Zealand ilitunga kanuni zake mwaka 2023 na kuyapa maduka makubwa muda hadi mwisho wa Agosti 2024 yajipange, na mauzo ya mtandaoni mwaka mmoja zaidi. Sijasikia supamaketi iliyofunga milango kwa sababu hiyo.

Linalonisumbua ni kwamba kanuni ya namna hii ni rahisi kuitunga vibaya. Uingereza, ambako lebo hizi zipo siku nyingi, mamlaka ya ushindani ilichapisha mapitio yake Julai 2023 na kukuta bidhaa za aina moja zikiwekewa vipimo tofauti, maandishi madogo yasiyosomeka, na bidhaa za ofa zikikosa bei ya kipimo kabisa. Yaani sheria ipo, lebo ipo, na mnunuzi bado hawezi kulinganisha. Tukianza sasa tuna nafasi ya kuyakwepa hayo matatu, na ningependa niyaeleze moja moja kwa sababu ndiko wenzangu wa mauzo watakakojificha.

La kwanza ni kipimo kimoja kwa kila aina ya bidhaa. Rafu ikiwa na sabuni moja yenye bei kwa gramu 100, nyingine kwa kilo na nyingine "kwa pakiti", mmewapa watu hesabu nyingine badala ya kuwaondolea ile ya kwanza. Pendekezo langu ni kilo na lita kwa vyote, isipokuwa vitu vinavyonunuliwa kwa vipimo vidogo sana kama iliki, pilipili manga na dawa ya meno, ambavyo viwe kwa gramu 100. Tabu kubwa itakuwa kwenye mafuta ya kula, kwa sababu dumu moja linaweza kuandikwa lita na jirani yake kuandikwa kilo. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa karibu gramu 920. Kwa hiyo dumu la kilo 5 lina kama lita 5.4 ndani yake. Likiuzwa shilingi 34,500 na dumu la lita 5 likiuzwa 33,000, mteja atachukua la pili akidhani ameokoa shilingi 1,500, wakati lita ya dumu la kwanza ni kama shilingi 6,350 na ya la pili ni 6,600. Kanuni iseme mafuta ya kula yote yaandikwe kwa lita, na mwenye dumu la kilo afanye ubadilishaji mwenyewe kwa kiwango kimoja mtakachokitangaza ninyi. Kazi hii inamhusu Wakala wa Vipimo moja kwa moja.

La pili ni ukubwa wa maandishi. Bei ya pakiti huwa kubwa kama kidole gumba, na bei ya kilo, pale inapokuwepo, inaonekana kama chawa pembeni. Itamkeni kwenye kanuni: namba ya bei ya kilo isipungue nusu ya urefu wa namba ya bei ya pakiti, iwe kwenye lebo hiyohiyo, na iwe imeandikwa kwa rangi inayosomeka. Rafu ya chini kabisa, ile ambayo mtu anainama, ndiyo yenye mifuko mikubwa, na ndiyo yenye lebo ngumu kusoma kuliko zote.

La tatu ni ofa. Hapa ndipo penye ujanja mwingi. Pakiti ya kati ya shilingi 2,300 ikiwekwa "nunua mbili kwa 4,200", bei ya kilo inashuka hadi 5,250, na hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye lebo ya ofa, pamoja na ile ya pakiti moja. Punguzo la wenye kadi ya duka nalo lihesabiwe hivyohivyo. Duka likiachiwa lisiandike bei ya kilo siku za ofa, litakuwa na ofa kila siku.

Mtaambiwa kwamba kazi hii ni ngumu na itapandisha gharama. Kwa duka lenye mashine ya kusoma barkodi, jina la bidhaa na bei yake tayari vimo kwenye kompyuta, na lebo inachapwa kutoka humohumo. Kinachoongezeka ni sehemu mbili: uzito halisi, na kama uzito huo ni gramu, kilo, mililita au lita. Mashine inagawanya bei kwa gramu, inazidisha kwa 1,000, basi. Kazi ya kweli ni kuingiza uzito wa maelfu ya bidhaa mara ya kwanza bila kukosea, na hiyo ndiyo sababu ninaomba maduka yapewe mwaka mmoja wa kujipanga.

Makosa yatakayotokea yanatabirika. Mtu ataandika 900 na kuchagua kilo badala ya gramu, na lebo itasema kilo ya sabuni ni shilingi 6. Hilo linajionyesha lenyewe. La hatari ni pale kiwanda kinapopunguza gramu lakini barkodi ikabaki ileile. Kompyuta ya duka itaendelea kuamini gramu 60 na kuandika shilingi 5,000 kwa kilo miezi mingi baada ya kipakiti kuwa na gramu 50, na sasa lebo yenyewe ndiyo inayodanganya. Taratibu za kimataifa za barkodi zinataka bidhaa ipewe namba mpya uzito ulioandikwa ukibadilika. Ifanyeni kuwa sharti la kanuni hii, ili mzigo huo umwangukie mwenye kiwanda na si kijana anayepanga rafu usiku.

Ukaguzi wenyewe ni mwepesi. Ofisa aingie dukani kama mteja, achague rafu moja, asome uzito kwenye pakiti zenyewe na si kwenye kompyuta, apige hesabu kwa simu na kulinganisha na lebo. Bidhaa za kopo zenye maji au mafuta ndani, kama maharage na samaki, zihesabiwe kwa uzito baada ya kuchujwa pale uzito huo unapoandikwa. Ulaya wanafanya hivyo.

Kuhusu duka la mtaani, naomba mliache. Mangi anayefungua gunia la sukari na kuuza robo na nusu tayari anauza kwa kilo, na wateja wake wanajua kwa moyo kwamba robo nne zinazidi kilo moja kwa shilingi ngapi. Kumdai lebo iliyochapwa ni kumtafutia faini. Jambo la kwake ni kipimo cha mafuta, kile kikombe ambacho hakuna anayejua kina mililita ngapi, nalo linahitaji barua yake.

Na sitajifanya kwamba lebo hii itamfaa kila mtu sawasawa. Mwenye shilingi 300 mfukoni atanunua kipakiti hata akiandikiwa kwamba kilo yake ni 6,000, kwa kuwa hana 2,300. Bei ya kilo pia haijui kwamba sabuni moja ina nguvu na kijiko chake kimoja kinafua ndoo nzima huku nyingine ikidai vijiko viwili, wala haijui kwamba juisi nzito ya kuchanganywa na maji haifanani na ile ya kunywa moja kwa moja. Kwa juisi, kanuni inaweza kutaka bei ya lita baada ya kuchanganya kama maelekezo ya chupa yanavyosema. Kwa nguvu ya sabuni sioni njia, na ni afadhali kuliacha jambo hilo kwa mfuaji.

Ninachokijua kwa hakika kinatokea kwenye chumba cha kupangia bei. Leo, pendekezo la kupunguza gramu tano linapita bila swali, kwa kuwa hesabu ya mezani ni "mteja ataona au hataona". Pendekezo la kuufanya mfuko mkubwa kuwa ghali kuliko wa kati linapita pia, kwa sababu hiyohiyo. Ikiwa namba ya kilo itakuwa imebandikwa kwenye kila rafu ya kila duka kubwa la Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mtu wa mauzo atalazimika kusema mezani kwamba mfuko wetu utaonekana 5,890 kando ya 5,750, na bosi atamwambia akapige hesabu upya. Mnunuzi asiyesoma lebo kabisa atanufaika na wale wanaosoma.

Wakala wa Vipimo mmepambana kwa miaka na lumbesa, ambako mkulima analipwa bei ya gunia na mnunuzi anaondoka na gunia na kilemba chake. Mnajua vizuri kwamba bei isiyotaja kipimo ina mwanya, na mkulima aliumizwa kupitia mwanya huo. Kwenye supamaketi anayeumia ni mlaji, tena kwa gramu chache chache.

Ninapendekeza mgawanyo huu wa kazi. Wizara itoe kanuni na orodha ya bidhaa za kuanzia: unga wa sembe na ngano, mchele, sukari, mafuta ya kula, maziwa na maziwa ya unga, majani ya chai, maji, sabuni za unga na za maji. Wakala wa Vipimo mpange kipimo cha kila bidhaa na mkague. Tume ya Ushindani mshughulikie tepe za "Okoa zaidi" na "Pakiti ya familia" pale bei ya kilo inapoonyesha kwamba hakuna kilichookolewa. Kwa maduka, kigezo cha kuanzia kiwe kuchapa lebo za rafu kwa kompyuta, kwa sababu eneo la duka linaweza kubishaniwa kwa futi kamba, ilhali kompyuta ama ipo ama haipo.

Mkihitaji mtu wa kukaa na maofisa wenu na kuwaonyesha, pakiti kwa pakiti, jinsi bei hizi zinavyopangwa, nipo. Mizani na kikokotoo nitakuja navyo.

Wenu,
Mpanga bei wa zamani,
Dar es Salaam